Laini moja, wapangaji wanne: ugomvi wa kasi unatoka wapi na unatatuliwaje

Nyumba nyingi ambazo wapangaji wanachangia intaneti zina ugomvi wenye saa zake. Mchana hakuna anayelalamika. Ikigonga saa mbili usiku mmoja anafungua mpira, mwingine yuko kwenye kikao cha video, simu ya wa tatu inapandisha picha bila hata mwenyewe kujua, mara unasikia sauti kutoka chumbani: "Jamani, nani anashusha vitu?" Kila mtu anakana, na mara nyingi kila mtu anasema kweli. Kisha mmoja anapima kasi, anakuta megabiti 17 kwa sekunde, anatangaza kwamba laini haina tatizo. Huyo naye hajadanganya.

Wote wanaweza kuwa wakweli kwa sababu wanachogombania si kasi. Kasi ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Kinachokata sauti ya mtu kwenye kikao ni muda ambao data yake inasubiri kabla ya kupita. Laini inaweza kupitisha mzigo wake wote barabara na bado ikamsubirisha kila mtu sekunde nzima, na kipimo cha kasi cha kawaida kikaonyesha namba nzuri tu.

Tuchukue ghorofa ya vyumba vinne pale Sinza, Dar es Salaam. Laini ni ya megabiti 20 kwa sekunde kushusha na 5 kupandisha. Vifurushi vingine vya faiba hutoa kasi sawa pande zote mbili, lakini vingi vya redio na vya 4G vina upande wa kupandisha mwembamba kama huu, na ndiko balaa linakoanzia. Wakazi ni mwalimu anayefundisha Kiswahili kwa video, mwanafunzi wa chuo, shabiki wa mpira, na mpiga picha wa harusi.

Jumapili usiku mpiga picha anarudi na gigabaiti 4 za picha kwenye simu. Simu ikishika waifai tu, inaanza kuzihifadhi mtandaoni yenyewe. Gigabaiti 4 ni megabiti 32,000. Ukigawa kwa 5 unapata sekunde 6,400, yaani karibu saa moja na dakika 47. Muda wote huo njia ya kupandisha imejaa pomoni, na mwenye simu yuko jikoni anakaanga samaki. Ukimuuliza kama anatumia neti, atakuapia kwamba hatumii.

Sasa angalia kinachotokea ndani ya kile kifaa cha mtoa huduma kilichobandikwa ukutani. Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, na pakiti kubwa ina baiti 1,500. Kwenye njia ya megabiti 5, pakiti moja kama hiyo inachukua milisekunde 2.4 kutoka. Zikija nyingi kuliko zinavyoweza kutoka, kifaa huziweka kwenye kumbukumbu zisubiri. Kumbukumbu ilivyoshuka bei, watengenezaji waliweka nafasi kubwa ya kusubiria wakidhani wanafanya hisani, kwamba pakiti isipotee hata moja. Zikiwa pakiti 400 zimepanga foleni, ya mwisho inasubiri milisekunde 960. Pakiti ya sauti ya mwalimu, ambayo ni ndogo mno, inaingia nyuma ya hizo 400 za picha. Ni sawa na kusimama kwa wakala ukitaka kutuma elfu tano tu, huku aliyekutangulia ana mabunda ya mauzo ya duka zima.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri kwamba ili mazungumzo ya sauti yaende vizuri, ucheleweshaji wa kwenda upande mmoja usizidi milisekunde 150. Mwalimu wetu ameshapata 960 kabla sauti yake haijatoka hata nje ya nyumba. Na wanaoshusha nao hawasalimiki. Kila anachokishusha mtu hudai risiti fupi zinazopanda kumwambia aliyetuma kwamba mzigo umefika, na risiti hizo zinakaa kwenye foleni ileile. Zikichelewa, mtumaji anapunguza mwendo. Ndiyo maana picha za mtu mmoja zinazopanda zinaweza kugandisha mpira wa mwingine unaoshuka, jambo ambalo wapangaji wengi hawalishuku kabisa.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha ugonjwa wako ni huu. Fungua kompyuta, ikiwezekana iliyounganishwa kwa waya, uandike hivi kwenye dirisha la amri:

```
ping -t 1.1.1.1
```

Hiyo ni ya Windows. Kwenye Mac na Linux ondoa `-t`. Iache iendelee wakati nyumba imetulia, utaona muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Kisha anza kupandisha faili kubwa, na dirisha la `ping` likiwa bado wazi. Muda ukipanda kutoka tarakimu mbili hadi mamia ya milisekunde na kubaki huko, foleni umeipata. Tovuti ya fast.com nayo, ukifungua maelezo zaidi, inaonyesha ucheleweshaji wa aina mbili: laini ikiwa tupu na laini ikiwa na mzigo. Tofauti kati ya hizo mbili ina maana kubwa kwenu kuliko ile namba nono ya kasi.

Pima pia kwenye simu, kwa programu ya ping, ukiwa chumbani kwa anayelalamika zaidi, ila safari hii uulize rauta yenyewe kwa anwani yake, kwa mfano `ping 192.168.1.1`. Muda kati ya simu na rauta ukiwa unarukaruka au majibu yanapotea, tatizo la chumba hicho ni waifai, na hakuna mpangilio wa foleni utakaolitibu. Chumba cha mwisho chenye kuta mbili za zege katikati huongea na rauta kwa mwendo wa chini sana, na mawimbi ya hewani hushikwa na mmoja kwa zamu. Kifaa kinachozungumza kwa megabiti 6 hushika zamu mara tisa zaidi ya kinachozungumza kwa 54 ili kubeba mzigo uleule, kwa hiyo aliye mbali anawachelewesha hata walio karibu. Dawa yake ni kuisogeza rauta katikati ya nyumba na kuvuta waya hadi kwenye runinga. Waya wa mita kumi nyuma ya kochi umeshamaliza kesi nyingi kuliko barua za malalamiko kwa mtoa huduma.

Turudi kwenye foleni. Wazo la kwanza la kila nyumba ni kukata mkate vipande: megabiti 20 kwa watu wanne, kila mtu 5, mwisho wa habari. Linaonekana la haki, lakini silipendi. Saa nane usiku mwanafunzi yuko macho peke yake anashusha mihadhara, na bado anapewa 5, huku 15 zikilala bila mtumiaji. Kibaya zaidi, halimtibu mwalimu. Ukiwagawia wote na upande wa kupandisha, kila mmoja anabaki na megabiti 1.25, na ndani ya kipande chake mwenyewe kompyuta yake ikianza kuhifadhi mafaili inaweza kumtengenezea foleni yake binafsi.

Kinachofaa ni mgao unaokopeshana. Kila mmoja ana haki ya fungu sawa, lakini asichokitumia kinarudi mezani kwa wenye shida. Tuufanyie hesabu upande wa kushusha, tukiwa na megabiti 18 za kugawa (kwa nini si 20, nitaeleza punde). Fungu la kila mmoja ni 4.5. Mwalimu anahitaji 2 tu kwa kikao chake, anapewa 2 zote. Zinabaki 16 kwa watatu, yaani 5.3 kila mmoja. Mpira wa picha safi unahitaji kama 5, shabiki anapewa 5. Zinabaki 11 kwa mwanafunzi na mpiga picha, ambao wote wanashusha mafaili na wangemeza chochote: kila mmoja 5.5. Mpira ukiisha, zile 5 zinawaendea wao papo hapo. Hakuna aliyenyimwa, hakuna kilicholala, na hakuna aliyelazimika kugonga mlango wa mtu.

Sasa kwa nini hili halitokei lenyewe? Kwa sababu rauta ya kawaida haijui watu; inaona miunganisho. Mpiga picha akitumia programu inayofungua miunganisho 30 kwa wakati mmoja, na mwanafunzi anashusha faili lake kwa muunganisho mmoja, zile megabiti 11 zinagawanywa takriban kwa mafungu 31. Mwanafunzi anaambulia kama megabiti 0.35, na mpiga picha anazoa 10 na ushee. Hapo hakuna aliyekusudia ubaya. Ni programu moja tu imeandikwa kwa uroho kuliko nyingine.

Hili limeshughulikiwa na wataalamu wa mitandao kwa miaka mingi. Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele tatizo la foleni ndefu za vifaa vya nyumbani mwanzoni mwa muongo uliopita, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kupima muda ambao pakiti imesubiri na kuanza kutupa baadhi pale subira inapozidi, ili watumaji wapunguze mwendo wenyewe. Kutoka huko ikazaliwa programu iitwayo CAKE, iliyoingizwa rasmi ndani ya Linux mwaka 2018. CAKE inafanya yote mawili tunayoyataka: inafupisha foleni, na inagawa kwanza kwa vifaa, kisha ndani ya kila kifaa kwa miunganisho. Mwenye miunganisho 30 na mwenye mmoja wanakuwa sawa mbele yake.

Rauta nyingi zinazogawiwa na watoa huduma hazina kitu hiki kwenye mipangilio yao. Njia rahisi ni kuchanga mnunue rauta yenu na kuichomeka nyuma ya ile ya mtoa huduma. Zenye mfumo wa OpenWrt zina CAKE, na za MikroTik zenye RouterOS toleo la 7 pia. Nitatumia MikroTik kwa sababu mafundi wetu wengi wanaijua kutokana na kazi za hotspoti. Kwenye terminali yake mistari ni hii:

```
/queue type add name=kushusha kind=cake cake-nat=yes cake-flowmode=dual-dsthost
/queue type add name=kupandisha kind=cake cake-nat=yes cake-flowmode=dual-srchost
/queue simple add name=nyumba target=192.168.88.0/24 max-limit=4500k/18M queue=kupandisha/kushusha
/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
```

Mistari miwili ya kwanza inaunda aina mbili za foleni, moja kwa kila upande. Wa tatu unaifunga nyumba nzima ndani yake, anwani 192.168.88.0/24 ndiyo MikroTik huja nayo kutoka kiwandani, kama yenu mmeibadilisha andikeni iliyopo. Kwenye `max-limit` kupandisha kunatangulia, kushusha kunafuata. Ukizigeuza, nyumba itaanza kushusha kwa megabiti 4.5 na utatafuta mchawi bure.

Mstari wa nne ndio husahaulika. MikroTik huja na sheria ya FastTrack, njia ya mkato inayoharakisha miunganisho iliyokwisha kufunguka kwa kuiruka foleni. Ikibaki hai, foleni yako ipo kwa jina tu. Dalili yake ni rahisi kuiona: mtu anashusha faili kubwa, lakini kwenye dirisha la `Queues` namba za foleni ya "nyumba" zinabaki karibu na sifuri. Ikiwa inafanya kazi, namba zinapanda na alama yake inageuka nyekundu pale laini inapokaribia kujaa. Gharama ya kuizima ni kwamba rauta inafanya kazi zaidi. Kwa laini ya megabiti 20 si tatizo, ila kama yenu ni ya mia na zaidi, angalieni `cpu-load` kwenye `/system resource print` wakati mzigo umekolea.

Kuhusu 18 na 4.5 badala ya 20 na 5: foleni hujikusanya mahali penye msongamano. Ukiiambia rauta yako ipitishe 5 kamili, msongamano unabaki kwenye kifaa cha mtoa huduma, kilekile chenye foleni ndefu isiyo na akili. Ukiishusha hadi asilimia 90, msongamano unahamia ndani ya rauta yako, mahali unapoweza kuamua nani atangulie. Upande wa kushusha ni hivyohivyo, japo foleni yake iko kwa mtoa huduma: rauta yako ikitupa pakiti chache mapema, watumaji wa mbali wanapunguza mwendo kabla foleni ya huko haijakua. Mnapoteza megabiti mbili, mnapata nyumba ambayo kikao hakikatiki. Ila asilimia hiyo ihesabiwe kutoka kasi mliyoipima kwa waya, wala si ile iliyoandikwa kwenye tangazo.

Baada ya hapo rudia kile kipimo cha `ping` huku kuna kitu kinapanda. Kilichokuwa 960 kinapaswa sasa kuongezeka kwa makumi machache tu ya milisekunde juu ya kile cha laini tupu. Kikiendelea kuwa juu, shusha 4500k hadi 4000k ujaribu tena.

Kuna mtego mmoja wa kibinadamu. Waifai ya rauta ya zamani ya mtoa huduma huwa bado inawaka, na nywila yake kila mtu anaijua. Mmoja akiona waifai mpya "inambana", anahamia ile ya zamani kimyakimya, na data yake haipiti kwenye foleni hata kidogo. Usiku huohuo ugomvi unarudi na wote wanalaumu rauta mpya. Izimeni waifai ya zamani siku ileile mnayofunga mpya.

CAKE nayo ina mipaka yake. Inagawa kwa vifaa, haigawi kwa watu. Mwenye simu, kompyuta na tableti, zote zikiwa na kazi nzito kwa wakati mmoja, anapata mafungu matatu. Kwa nyumba ya watu wanne naona hili linavumilika, kwani ni nadra mtu mmoja kubana vifaa vitatu vyote pamoja. Likiwakera, mnaweza kuvipa vifaa vya kila chumba anwani zisizobadilika na kumtengenezea kila mtu foleni yake ndani ya ile kubwa, ila jiandaeni kuisimamia: kila simu mpya itahitaji kuandikishwa.

Mpaka wa pili ni wa laini isiyotulia. Kama mnatumia 4G, na usiku kasi inashuka kutoka 20 hadi 8, kikomo cha 18 hakina kazi tena saa ileile mnayokihitaji; msongamano umesharudi kwenye mnara. Hapo chagueni: wekeni kikomo kwa kasi ya usiku, labda 7, mkubali kupoteza mchana, au mwe na vikomo viwili vinavyobadilishwa kwa saa. Mimi ningechagua la kwanza, maana mchana wengi hamko nyumbani.

Suala la hela nalo lina jibu fupi. Kifurushi kisicho na kikomo cha gigabaiti kinalipiwa bei ileile mtumie msitumie, basi changeni sawa. Aliyeshusha gigabaiti mia saa tisa usiku hakumgharimu mtu chochote. Kikiwa ni bando la gigabaiti, mambo ni tofauti kabisa: hapo kinachogawanywa ni akiba inayoisha, na mgao wa foleni hausaidii. Mtahitaji kuhesabu matumizi ya kila kifaa, na kwa bando la namna hiyo ningeshauri kila mtu abaki na lake.

Anayeshika nywila ya rauta ana uwezo wa kuona kifaa gani kinatumia kiasi gani na kinawasiliana na anwani zipi, kupitia zana iitwayo Torch. Kubalianeni mapema kwamba inafunguliwa tu pale `ping` inapoonyesha tatizo, na ifunguliwe mbele ya wote. Mara nyingi itawaonyesha simu ya mtu aliyelala, au jirani wa chini aliyepewa nywila na mpangaji aliyehama zamani.

Na kama mmefanya yote haya, foleni ni fupi, waifai ni nzima, na bado mpira unashuka ubora, basi kweli laini haiwatoshi. Hapo jumlisheni mahitaji ya saa mbili usiku: kikao 2, kila video safi 5, runinga ya 4K kama ipo 15. Jumla ikipita kile kikomo mlichoweka, ndipo mwende kuulizia kifurushi kikubwa zaidi, na mnapouliza, ulizeni kwanza namba ya kupandisha.